Kaaru: neno moja lililobeba shairi la mvua ya kwanza Hyderabad

Shairi lenyewe lina mistari 11 na ni la Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana kusini mwa India. Nimeliandika kwa herufi za Kiswahili. Irabu iliyorudiwa huvutwa. Konsonanti iliyorudiwa hukazwa. Kuna sauti za t, d na l zinazotamkwa kwa kuikunja ncha ya ulimi kwenda nyuma, ambazo herufi zetu hazina namna ya kuzionyesha, basi ziache zipite.

*Tolakari*

*Ninnatidaaka*
*rollu pagile enda*

*Ivaala flaiovar kinda*
*aagina baikulu*
*evariki evaruu emii kaaru*

*Okka chinuku*
*taaru miida aavirai leechindi*

*Matti leeni choota*
*matti vaasana*

*Ekkadoo*
*maa uuru tadustoondi*

Nililitunga mwenyewe, mwaka wangu wa tatu wa masomo Hyderabad, mji mkuu wa Telangana, na rafiki yangu mmoja mwenyeji wa Warangal, mji mwingine wa jimbo hilo, akalinyoosha palipopinda. Silileti hapa kwa kujisifu. Nalileta kwa sababu makosa niliyofanya nikilitunga ndiyo yaliyonifundisha shairi huru la Kitelugu linasimama juu ya nini, na kwa nini likitafsiriwa hivi hivi hubaki maneno makavu kuhusu pikipiki na lami.

Kwanza tafsiri kavu, tuone tunachozungumzia. Mpaka jana, jua la kupasua vinu. Leo chini ya flaiova, pikipiki zilizosimama. Hakuna aliye chochote kwa mwenziwe. Tone moja, juu ya lami, likawa mvuke likapanda. Mahali pasipo udongo, harufu ya udongo. Mahali fulani, kijiji chetu kinalowa.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaona *enda* na *kinda* zikipishana mwishoni mwa mistari, akadhani hivyo ni vina. Hapana, hiyo ni bahati tu. *Enda* ni jua kali, *kinda* ni chini ya, na Mtelugu akisikiliza hata hashtuki, kwa sababu sikio lake halikufundishwa kutafuta kina mwishoni mwa mstari. Limefundishwa kukitafuta mwanzoni.

Hapo pana jambo la kukaa nalo kidogo. Ushairi wa kimapokeo wa Kitelugu, ambao maandishi yake makubwa ya kwanza yaliyotufikia ni ya Nannaya katika karne ya 11, una sheria kali kuliko zetu. Sisi katika tarbia tunahesabu mizani 16, nane na nane, na kupanga vina vya kati na vya mwisho. Wao, katika bahari iitwayo *utpalamaala*, wana mistari minne ya silabi 20, kila silabi ikiwa na zamu yake ya kuwa nzito au nyepesi, na hapo hakuna hiari. Juu ya hayo kuna *yati*: silabi ya 10 ya kila mstari lazima ipatane kwa sauti na ile ya kwanza. Kisha kuna *praasa*: konsonanti ya silabi ya pili katika mstari wa kwanza lazima irudi mahali pale pale katika mistari yote mitatu inayofuata. Ukianza na neno lenye *kk* katika silabi ya pili, umejifunga. Mistari yote itabeba *kk*.

Mfungo huo ulilegezwa kwa hatua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gidugu Ramamurthy aliongoza mapambano ya kuandika Kitelugu kama kinavyosemwa majumbani na sokoni, badala ya lugha ya vitabuni ambayo mkulima hakuielewa. Lugha ilipotoka kifungoni, mizani nayo ikafuata, na katikati ya karne Kundurti Anjaneyulu akawa mtetezi mkubwa wa *vachana kavita*, yaani shairi huru, hata akaitwa babu wa shairi hilo. *Vachanam* ni maneno ya nathari, *kavita* ni ushairi. Waliokulia kwenye malumbano ya vina na mizani ya Dar es Salaam miaka ya 1970 watayatambua mabishano hayo: huyu anasema bila kanuni hakuna shairi, yule anasema kanuni imekuwa jeneza la shairi.

Lakini praasa haikufa. Ilihama tu kutoka kwenye sheria ikaingia kwenye tabia. Tazama *okka* (moja tu) na *ekkadoo* (mahali fulani). Zote mbili zinafungua ubeti, na zote zina *kk* katika silabi ya pili. Mimi sikuipanga. Rafiki yangu ndiye aliyeigundua alipolisoma kwa sauti, akagonga meza kwenye *okka*, kisha akagonga tena kwenye *ekkadoo*. Kwa sikio la Mtelugu, tone lile moja lililoanguka mjini na ile “mahali fulani” ya mbali vimefungwa kamba moja. Mimi nilikuwa nimeona maneno mawili tu yasiyohusiana.

Sasa jina la shairi. Nilipoandika mara ya kwanza niliita *Varsham*, mvua. Rafiki yangu alilifuta kabla hajafika mstari wa pili. Kitelugu kina majina mawili ya mvua: *varsham*, lililotoka Sanskrit, linalokaa vizuri kwenye taarifa ya hali ya hewa, na *vaana*, la kienyeji, linalotamkwa na mtu anayeanua nguo kambani. Ni kama mshairi wetu anavyopima kati ya kalbi na moyo. Ila hata *vaana* halikufaa. Mvua ya kwanza inayofungua msimu ina jina lake peke yake, *tolakari*, na si kila mvua ya kwanza unayoiona inastahili jina hilo.

Hyderabad hunyeshewa pia Aprili na Mei. Hiyo ni mvua ya jioni: joto linajikusanya mchana kutwa, wingu jeusi linajenga, upepo unavunja matawi, pengine mvua ya mawe inashuka, nusu saa imekwisha. Kesho yake jua linarudi na digrii zake 40 kana kwamba hakikutokea kitu. Hiyo si tolakari. Tolakari huja na pepo za kusini magharibi, ambazo Kitelugu huziita *nairuti rutupavanaalu*, pepo za msimu za upande wa kusini magharibi. Kwa kawaida hugusa Kerala, jimbo la kusini magharibi mwa India, karibu na tarehe 1 Juni na kufika Hyderabad siku 7 hadi 10 baadaye. Utaijua kwa mawingu yasiyoondoka hata baada ya mvua kukatika, kwa upepo unaovuma upande mmoja mchana na usiku, na kwa usiku wa kwanza ambao unalala bila kumwagia sakafu maji.

Upepo wenyewe si mgeni kwetu. Ni kusi. Kuanzia Aprili kusi huvuma pwani yetu, na sehemu yake yenye nguvu zaidi, kiasi cha kilomita moja na nusu juu ya bahari, huvuka ikweta mkabala na Kenya, hupita Somalia, kisha hukunja kuelekea India ikiwa imebeba unyevu wa bahari nzima. Nilishawishika sana kuliita shairi hili kwa Kiswahili *Kusi Limefika*. Niliacha. Mvuvi wa Lamu akisikia kusi limefika anawaza bahari iliyochafuka na ngalawa kuvutwa juu. Hawazi udongo uliokauka ukipata maji. Na *masika* ndiyo mbaya zaidi: inamwambia msomaji ni Machi au Aprili, na inamrudisha Morogoro au Tanga wakati shairi liko Mehdipatnam, mtaa wa Hyderabad.

Mistari miwili ya mwanzo ina kalenda ndani yake. Wakulima wa Kitelugu huugawa mwaka kwa *karte*, vipindi vya siku 13 au 14 vinavyofuata jua likipita katika makundi 27 ya nyota. Kipindi cha Rohini, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi tarehe 7 Juni hivi, ndicho cha joto la mwisho, na wana msemo kwamba katika Rohini karte vinu hupasuka. *Rolu* ni kinu cha jiwe. Si cha mti kama chetu, ndiyo maana kupasuka kwake ni jambo kubwa. Baada ya Rohini huja Mrigashira, karibu na tarehe 8 Juni, na siku hiyo watu hula samaki. Masoko ya samaki Hyderabad hufurika tangu alfajiri na bei hupanda. Basi shairi linaposema *ninnatidaaka*, mpaka jana, likafuatisha vinu vinavyopasuka, halafu likaruka mstari na kusema *ivaala*, leo, msomaji wa Kitelugu haambiwi tarehe lakini anaijua. Ile nafasi tupu kati ya ubeti wa kwanza na wa pili ndipo Rohini inapoisha.

Ubeti wa pili hauna la ajabu kwa aliyewahi kupanda pikipiki Hyderabad. Mvua ikianza, waendesha pikipiki wote hukimbilia chini ya flaiova iliyo karibu, wanajipanga safu tatu nne, magari yanakwama nyuma yao yakipiga honi. Wanasimama hapo dakika 20 bila kuzungumza. Neno *baikulu* ni *baiku* lenye *-lu* ya wingi. Kitelugu, kama Kiswahili, hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, basi likipokewa la kigeni linaongezewa irabu: *bassu*, *baiku*, *kaaru*. Sisi tunasema basi. Hapo ndugu hawa wawili wasiojuana wanafanana kweli kweli.

Sasa tumefika kwenye *kaaru*, na hapa ndipo shairi linapopatia uzito wake.

*Evariki evaruu emii kaaru.* Maana ya juu juu: hakuna mtu aliye chochote kwa mtu yeyote. *Kaaru* hapa ni kitenzi cha kukanusha, “si”, kinachotumika kwa watu walio wengi. Ni mstari wa kawaida kabisa, kitu anachoweza kusema mtu yeyote kuhusu mji. Nilikuwa tayari kuufuta kwa sababu ulionekana kunieleza badala ya kunionyesha. Rafiki yangu alinizuia, akaniomba nilitamke lile neno la mwisho peke yake, mara tatu.

*Kaaru* ni “si”. *Kaaru* pia ni motokaa, kama nilivyosema hapo juu, na inaandikwa vile vile herufi kwa herufi. *Kaaru* pia ni mzizi wa kitenzi cha kuvuja na kuchuruzika, maji yakidondoka kwenye paa au jasho likitiririka. Na *kaaru* ni neno la kale la weusi na la majira ya mvua: *kaaru mabbulu* ni mawingu meusi yaliyojaa maji, *vaanakaaru* ni msimu wa mvua. Na jina la shairi, *tolakari*, limejengwa kwa *toli*, ya kwanza, na hilo hilo *kaaru*.

Kwa hiyo mstari unasema watu hawa si kitu wao kwa wao, na katika kusema “si”, unatamka wingu jeusi. Mvua imeshaingia kwenye shairi kabla ya tone kuanguka. Ubeti unaofuata ndio unaotaja tone, na halianguki popote ila juu ya *taaru*, lami, neno lililoachana na *kaaru* kwa konsonanti moja tu. *Kaaru*, *taaru*. Mtu anayesikiliza anasikia tone la kwanza na mwangwi wake.

Hii ndiyo kazi ambayo zamani ilifanywa na yati. Shairi huru limetupa sheria, lakini bado linahitaji kitu cha kuwaambia wasikilizaji mistari hii ni ya shairi moja. Vachana kavita dhaifu, na ziko nyingi, utazijua kwa jambo hili: ukiunganisha mistari yote iwe aya moja, hupotezi kitu. Ukiunganisha hii, ile nafasi kati ya *kaaru* na *okka* inaziba, na kimya cha kabla ya tone kinapotea.

Kuhusu kimya hicho, sarufi nayo inasaidia. Kitenzi cha Kitelugu hukaa mwisho. *Okka chinuku, taaru miida, aavirai, leechindi*: tone moja, lami juu yake, likiwa mvuke, likainuka. Unasubiri mpaka neno la mwisho kujua tone limefanya nini, na unapofika unakuta limefanya kinyume cha ulichotarajia. Halikuanguka, limepanda. Lami ilikuwa ya moto kiasi hicho. Kiswahili kinataka kitenzi mapema, lakini tuna *-ka-*, inayoweza kuchelewesha: “tone moja, juu ya lami, likawa mvuke, likapanda.” Nadhani hapa hatukupoteza mengi.

*Matti leeni choota* tunaweza hata kuipiga kwa nyundo ile ile, kwa kuwa tuna *pasipo*. Mahali pasipo udongo, harufu ya udongo. Wapo watakaouliza kama jambo hili linawezekana, au mshairi kajipendekeza. Linawezekana. Harufu ile hutokana kwa sehemu kubwa na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chembe chache katika trilioni. Tone likigonga ardhi yenye vinyweleo hunasa viputo vya hewa, viputo hupanda na kupasuka, na kurusha vijitone vyenye harufu ambavyo upepo huvichukua. Mvua ikiwa imeanza kunyesha nje ya mji, upepo unaoitangulia huileta harufu mpaka penye lami. Kwa hiyo harufu uliyoinusa chini ya flaiova huenda kweli imetoka shambani. Katika mji wa Kannauj, kaskazini mwa India, hutengeneza manukato ya harufu hiyo: udongo uliochomwa hupikwa kwa mvuke, na mvuke wake hunaswa katika mafuta ya sandali. *Mitti* ya huko na *matti* ya hapa ni neno moja.

Kosa langu kubwa lilikuwa mstari wa mwisho. Kiswahili kina “yetu” moja, Kitelugu kina mbili. *Mana* ni yetu mimi nawe unayenisikiliza. *Maa* ni yetu sisi, wewe ukiwa nje. Mimi niliandika *mana uuru*, kijiji chetu, kwa ukarimu wa Kiswahili wa kumkaribisha msomaji.

“Kwani mimi na wewe tumetoka kijiji kimoja?” akaniuliza huku akicheka.

Nikamjibu nilitaka shairi liishie kwa watu kuungana. Akasema basi limekuwa la uongo, kwa sababu ubeti wa pili umeshasema hakuna aliye chochote kwa mwenziwe, na tone moja haliondoi hilo. Ukiweka *maa*, kila mwenye pikipiki pale chini anawaza kijiji ambacho wa pembeni yake hayumo. Wote wamenusa harufu moja, na kila mmoja amekwenda nayo kwake. Hapo nikaelewa kwamba Kiswahili kina njia ya kulisema hili, ila si kwa “kijiji chetu”. Tunasema *kwetu*. Ukimwambia mgeni “kwetu”, yeye hayumo, na hakuna anayekasirika.

Hivi ndivyo lilivyobaki kwa Kiswahili baada ya kulihangaikia:

*Mvua Inayofungua Msimu*

*Hadi jana*
*jua la kupasua vinu*

*Leo, chini ya flaiova,*
*pikipiki zimesimama*
*hakuna ndugu wa mtu*

*Tone moja*
*juu ya lami likawa mvuke, likapanda*

*Pasipo udongo*
*harufu ya udongo*

*Mahali fulani*
*kwetu kunalowa*

“Hakuna ndugu wa mtu” haina wingu ndani yake. Nimejaribu “giza”, nimejaribu “wingu la watu”, nimejaribu kuchezea *mvua* kama jina na kama kitendo cha kuvua koti la mvua. Yote yalionekana kama mtu anayejikaza kuchekesha. Nimeliacha tundu wazi.

Limebaki neno moja, *ekkadoo*. Nilidhani ni “huko mbali” tu. Jioni tulipolimaliza ilikuwa imenyesha kweli, na rafiki yangu alimpigia mama yake, anayelima pamba nje kidogo ya Warangal. Huko tolakari si suala la harufu. Wataalamu wa kilimo hushauri pamba isipandwe mpaka ardhi iwe imepata kiasi cha milimita 60 hadi 75. Anayeharakisha kwa mvua ya kwanza, kisha jua likarudi kwa wiki mbili, mbegu zake huota na kufa, naye hununua nyingine kwa mkopo.

“*Vaana padindaa?*” akamuuliza. Mvua imenyesha?

Nilimsikia mama yake kwenye spika ya simu.

“*Inkaa leedu, naanna.*” Bado, mwanangu.